Mgongo mmoja, mashine tatu: kisa cha mkulima wa tumbaku niliyempita mimi mwenyewe

Kaka wa mgonjwa aliniuliza swali ambalo naulizwa karibu kila wiki pale chumba cha ultrasaundi, ila safari hii lilinikuta nina doa langu. Alisema: "Daktari, hivi mbona mnatuzungusha, mara ultrasaundi, mara CT, sasa mnasema MRI, si mngetupeleka tu kwenye ile kubwa moja kwa moja ionyeshe vyote yaishe?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa mionzi, lakini huku Tabora ukishavaa koti jeupe wewe ni daktari tu, nishazoea.

Mdogo wake ana miaka 34, mkulima wa tumbaku upande wa Urambo. Mgongo ulianza kumsumbua msimu wa kukausha, na kila mtu akasema ni kuni, maana kulisha bani la tumbaku unabeba magogo usiku na mchana, nani asiyeumwa mgongo. Akameza diklofenaki za duka la dawa kama miezi minne hivi. Akapungua mwili, jioni anatoka jasho, akasema ni kazi. Maumivu yalipohamia kiunoni upande wa kushoto akaja hospitali, tabibu akamwandikia fomu: maumivu ya ubavu wa kushoto, angalia figo, labda mawe.

Akaja kwangu. Nikampaka jeli, nikaweka probu ubavuni, figo ya kushoto nzuri, hakuna jiwe, haijajaa maji, ya kulia hivyo hivyo, kibofu safi. Nikaandika figo zote kawaida. Dakika saba katoka. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli, na hapo ndipo shida ilipo, tutarudi.

Wiki tano baadaye karudi kashikiliwa na kaka yake, miguu inaburuzika, anatembea kainama na paja la kushoto limekunjika kidogo kama mtu anayetaka kukaa. Tangu siku mbili nyuma mkojo unagoma kuanza. Daktari wa zamu siku hiyo ni mtu anayependa kumpima mgonjwa kwa mikono kabla ya kugusa kalamu, na nadhani hilo ndilo lililomwokoa huyu bwana. Akagonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka kupita kiasi. Akakwaruza unyayo, kidole gumba kikapanda juu badala ya kushuka. Akapitisha pamba kuanzia kifuani kushuka chini, mgonjwa anaihisi vizuri mpaka kwenye kinena, chini ya hapo anasema "kama nimevaa soksi nene." Na pale mbavu zinapoishia mgongoni kulikuwa na kinundu kidogo, unakihisi kwa kidole kuliko kukiona.

Sasa hiki kitu kidogo ukikielewa utaelewa safari nzima ya vipimo. Ndani ya uti wa mgongo kuna ugwe mgongo, ule mkonga mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, na kwa mtu mzima unaishia kama usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni nyuzi za fahamu tu. Nyuzi zikibanwa, mguu unalegea na goti halirushi. Ugwe wenyewe ukibanwa, siku zinavyokwenda mguu unakakamaa na goti linaruka kupita kiasi. Kwa hiyo mgonjwa analalamika kiuno lakini ugonjwa uko juu ya kiuno, kule mwisho wa mbavu. Eksirei ikaonyesha pingili ya T11, yaani ya kumi na moja ya kifua, imebonyea kwa mbele, basi. Eksirei haina haraka, mfupa unaweza kuliwa mpaka karibu theluthi moja ya madini yake iondoke, hata nusu, ndipo ianze kukuonyesha.

Daktari akanipigia simu, hakuniuliza figo. Aliniuliza: "Hiyo nyonga imekunjwa na nini?"

Swali hilo ni tofauti kabisa na lile la kwanza ingawa probu ni ileile. Kuna msuli mnene unaoshuka ubavuni mwa uti wa mgongo, kulia mmoja na kushoto mmoja, unapita nyuma ya figo mpaka kwenye paja, sisi tunauita soasi. Ukiwa na kitu ndani, mgonjwa anakunja paja ili ulegee. Nikamlaza kwa ubavu, probu ya tumbo ya kama megahezi 3.5, nikaipitia figo nikaenda nyuma yake. Palikuwa na mfuko wa sentimita 9 kwa 4, wa kijivu kilichoelekea kwenye weusi, umekaa ndani ya msuli. Nikibonyeza probu kidogo vile vichembe vya ndani vinaogelea kama mchele kwenye maji. Nikawasha dopla, hakuna damu inayopita ndani. Nyuma ya mfuko picha inang'aa kuliko pembeni, maana sauti ikipita kwenye kimiminika haichoki sana, inafika nyuma ikiwa bado na nguvu. Hilo ni jipu, usaha. Na kulikuwa na vidoti vyeupe vyenye kivuli nyuma yake, chokaa hiyo.

Lakini nikisogeza probu kuelekea kwenye pingili napata mstari mweupe mkali na baada ya hapo giza. Ultrasaundi ni sauti inayotumwa ndani na kusikiliza mwangwi, na mfupa unarudisha sehemu kubwa ya sauti na kumeza inayobaki, hewa nayo inarudisha karibu yote (ndiyo maana tunapaka jeli, ili hewa isikae kati ya probu na ngozi). Kwa hiyo nikaona jipu kama nilivyoona kiganja changu, ila limetoka wapi, pingili ikoje, ugwe ukoje, mashine hii haina la kusema, hata ungenunua ya bei gani.

Jioni ile nikafungua picha za wiki tano nyuma. Figo ya kushoto imekaa katikati ya skrini, nzuri kweli, nimeipima urefu. Nyuma yake, chini pembeni, soasi ya kushoto imevimba kuliko ya kulia, unaiona kabisa ukiweka picha mbili pamoja. Nilikuwa nimeitazama. Sikuiona kwa sababu fomu iliniuliza figo na mimi nikajibu figo. Na fomu ya kwanza ingesema "maumivu miezi minne, amepungua, anatoka jasho jioni", sidhani kama ningeishia dakika saba, ingawa hiyo sio ya kujitetea.

Kesho yake tukalitoboa jipu. Hapa ultrasaundi haina mpinzani, maana unaiona sindano ikiingia muda uleule inapoingia, ncha inang'aa, unaiongoza mpaka ndani ya mfuko bila kugusa figo wala utumbo. Zikatoka mililita 70 za usaha mwepesi wenye mabonge meupe, kama maziwa yaliyokatika. Maabara wakaingiza kwenye GeneXpert, majibu siku hiyohiyo: vimelea vya kifua kikuu vipo, usugu wa rifampisini, mojawapo ya dawa zake kuu, haupo. TB ya uti wa mgongo. Dawa zikaanza kabla jua halijazama.

Ndipo kaka mtu akaja na swali lake, na kusema kweli alikuwa na haki. "Si mmeshajua ni TB? CT ya nini tena, na MRI mpaka tusafiri?"

Nikamwambia kaka, ugonjwa tumeujua, bado hatujui mambo mawili: mgongo wake unaweza kubeba mwili au utakatika njiani, na ule mkonga wa fahamu umebanwa na nini. La kwanza ni la mfupa, la pili ni la kitu laini kilichofichwa ndani ya mfupa. Hakuna mashine moja inayojibu yote mawili vizuri.

CT ni eksirei inayozunguka. Kimulimuli cha mionzi kinamzunguka mgonjwa, upande wa pili kuna vipokezi vinavyopima mionzi mingapi imetoka, kompyuta inapiga hesabu na kutoa vipande vya picha kama umekata mkate. Kila nukta inapewa namba kulingana na jinsi inavyozuia mionzi, namba za Hounsfield, jina la yule mhandisi Mwingereza aliyepata Nobeli mwaka 1979 pamoja na Cormack. Maji ni 0, hewa ni -1000, mafuta kama -100, msuli 40 mpaka 60, mfupa mamia kadhaa mpaka kupita 1000. Hizo namba ndizo zinazofanya CT iwe bingwa wa mfupa, wa chokaa na wa damu mbichi: vitu vinavyoachana mbali kwenye ngazi hiyo. Na ina haraka, mgongo wote tulimaliza sekunde chache, kwa mtu ambaye kulala chali kwake ni adhabu hilo si jambo dogo.

Kwanza tukaangalia kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kabla ya kumchoma kontrasti ya ayodini, ile dawa ya kung'arisha picha, maana figo ndizo zinazoitoa. Picha zikaja. Kwenye mpangilio wa mfupa, T11 imesagika, zaidi ya nusu ya mwili wa pingili umebaki vipande vipande, mwingine umesukumwa nyuma kwenye tundu la ugwe. Uso wa juu wa T12 umeliwa. Na kilichotufanya tuache kuzungumza ni shina la mfupa la kushoto la T11, lile linalounganisha mbele ya pingili na nyuma, nalo limeliwa. TB kwa kawaida hukaa mbele na kuacha nyuma, ikishakula na nyuma mgongo unakuwa kama mlango uliobaki na bawaba moja. Kwenye mpangilio wa nyama laini tukaiona sasa ile njia ambayo mimi nisingeiona kwa probu: usaha umezunguka T11, umeteremka nyuma ya kiwambo cha kupumulia ukaingia kwenye soasi ya kushoto, ukingo wake unawaka kwa kontrasti, vichembe vya chokaa ndani. Jipu lenye chokaa ubavuni mwa uti wa mgongo, hata bila maabara ungeshuku TB.

Familia ilishakata tiketi za basi. Kwa picha hizo basi likafutwa. Aliondoka na ambulansi, amelala kwenye ubao, hakuna kukaa, hakuna kusimama, hata choo kitandani, kupitia Itigi na Manyoni mpaka Dodoma. Kwa hiyo mtu akiniambia CT ile ilikuwa pesa ya bure kwa sababu MRI ilikuwa inakuja, namuelewa, na kama MRI ingekuwa mlango wa pili tungeweza kuanza nayo, ila kwa huyu CT ndiyo iliyoamua asafiri vipi.

Sasa ugwe. Kwenye CT ndani ya lile tundu unaona kijivu. Usaha una namba kama 20, maji yanayozunguka ugwe yako kama 10, ugwe wenyewe 30 na kitu, ukichanganya na mistari ya uongo inayosababishwa na mfupa mnene pande zote, macho yanaanza kubuni. Naona tundu limebanwa. Limebanwa na usaha au na mfupa, na ugwe wenyewe bado mzima au umeanza kufa, hapo CT inakaa kimya.

MRI haitumii mionzi kabisa. Ni sumaku, nyingi ni za tesla 1.5, na inachosikiliza ni viini vya haidrojeni, ambavyo viko tele kwenye maji na mafuta ya mwili. Sumaku inavipanga, wimbi la redio linavisukuma, vikirudi vinatoa ishara, na kila tishu inarudi kwa mwendo wake. Ndio maana vitu ambavyo CT inaviona ndugu moja, MRI inavitenganisha. Ukichagua picha ya aina ya T1, hapa si jina la pingili, mafuta yanang'aa na maji yanakuwa meusi, T2 maji yanang'aa, STIR inazima mafuta ili maji ya uvimbe yabaki yakiwaka peke yake. Mfupa mgumu wenyewe una haidrojeni kidogo ya kusikika kwa hiyo ni mweusi, chokaa nayo inapotea, ndipo unaona kwa nini ile "kubwa kuliko zote" ingetupa picha hafifu ya lile shina lililoliwa.

Fomu ya MRI ilikaribia kutuharibia. Daktari mwanafunzi aliandika "MRI ya kiuno", maana mgonjwa anasema kiuno kinauma. Picha ya kiuno inaanzia kama T12 kushuka chini, T11 ingekuwa pembeni kabisa ya picha au nje. Yule daktari wa kinyundo akafuta akaandika uti wa mgongo wote, na chini yake: miguu imekakamaa, ganzi kuanzia kinena, TB imethibitishwa, tunataka kujua hali ya ugwe. Nimeona watu wamelipia MRI ya gharama ikasoma kawaida kwa sababu ilipigwa mahali pasipo na ugonjwa, na karatasi ya "kawaida" ni mbaya kuliko kukosa karatasi.

Kule wakamhoji kuhusu chuma: kifaa cha moyo, vipande vya chuma machoni, risasi mwilini. Kiunoni alikuwa na hirizi ya kibati, mama yake ndiye aliyemfunga, ikabidi wampigie simu mama Urambo kwanza. Alikubali, ila akataka ikae mkononi mwa kaka yake, isiwekwe kwenye droo ya watu. Ikakaa. Kama dakika 40 za kulala kimya ndani ya bomba linalogonga kama fundi bati, tena na mgongo ule, walimpa dawa ya maumivu kwanza.

Majibu: kwenye T2 ugwe nyuma ya T11 umesukumwa, umekuwa bapa, na ndani yake kuna mng'ao, yaani umevimba maji. Haujasinyaa, na hilo ndilo madaktari wa upasuaji walilokuwa wanalitafuta, ugwe uliovimba bado unaweza kurudi, uliosinyaa ni habari nyingine. Kinachoubana sehemu kubwa ni usaha, umepanda mpaka T10, na kipande cha mfupa kidogo. T10 ambayo CT iliisoma nzima, STIR imeionyesha inawaka ndani ya uboho, ugonjwa umeshaingia ila mfupa haujaliwa bado. Na juu kabisa, T5, kuna kidonda kingine ambacho hakuna aliyekihisi, wala mgonjwa mwenyewe. Pingili za katikati hazina kitu. TB inafanya hivyo, inaruka, na ndiyo sababu ya kupiga mgongo wote.

Wakamfanyia upasuaji: kutoa usaha na mfupa uliokufa, kufunga skrubu za titani juu na chini. Skrubu walizipimia kwenye CT yetu, unene wa mashina ya mfupa kwa milimita, MRI haikuwa na neno hapo. Dawa za TB ni za muda mrefu kuliko za mapafu, mifupa huwa inapewa miezi 9 mpaka 12.

Mwezi wa nne wa dawa karudi kwangu kwa mguu, na mkongojo. Ufuatiliaji wa lile jipu tulikubaliana uwe kwa ultrasaundi. CT ya tumbo na mgongo inaweza kukupa milisiveti 8 mpaka 10 hivi, wakati mionzi ya asili tunayopata tu kwa kuishi duniani ni wastani wa kama 2.4 kwa mwaka, kwa swali la "usaha umepungua?" huo ni upotevu. MRI nayo, mbali na gharama, miezi ya mwanzo ya dawa inaweza kuonekana imezidi kuwa mbaya wakati mgonjwa anapona, halafu watu wanababaika wanabadilisha dawa bure. Na karibu na skrubu picha inakuwa na madoa meusi, titani haivutwi na sumaku lakini inachafua picha.

Sentimita 9 zimekuwa 3. Nikapima soasi zote mbili, kushoto na kulia, nikaandika zote kwenye ripoti, siku hizi naandika hata kama fomu inasema figo tu.

Kaka mtu alikuwa kwenye benchi nje. Nilidhani ataniuliza tena mambo ya mashine kubwa, kumbe ana lake lingine: mama yao kule Urambo akila vyakula vya mafuta anaumwa chini ya mbavu za kulia, usiku mzima hapati usingizi, aandikiwe CT moja kwa moja wasipoteze muda? Nikamwambia kuna mawe ya nyongo yenye namba karibu sawa na nyongo yenyewe, CT inayapita bila kuyaona, ila kwangu yanatoa mwangwi mweupe na kivuli nyuma, na ukimgeuza mgonjwa yanabingirika. Amlete asubuhi, asiwe amekula chochote tangu usiku, mfuko wa nyongo uwe umejaa. Maji matupu anaruhusiwa.

"Na chai?"

"Chai ya maziwa hapana, kaka."